Skrini inazima nikiwa na samli mikononi, na simu ya mume wangu inamgeukia kitandani

BintiPangani

Habari zenu wakuu. Nina mambo mawili. La kwanza langu, la pili la mume wangu. Nimeyaweka kwenye uzi mmoja kwa sababu simu zetu ni pacha, Samsung hizi za A, tulizinunua siku moja.

Langu ni hili. Napika visheti vya kuuza. Kukanda na kukata sina shida, hivyo vimeshaingia mikononi. Kinachonishinda ni shira. Mama mkubwa aliandika maelezo yake kwenye karatasi, akapiga picha, akanitumia WhatsApp. Sehemu ya shira ndiyo ndefu: ichemke mpaka ukiinua mwiko tone la mwisho livute uzi, mimina visheti, epua, kisha geuza bila kupumzika mpaka sukari ikauke na kuwa nyeupe. Kuna na maelezo ya iliki iingie lini. Nafungua picha kabla ya kuanza kukaanga, naegemeza simu kwenye kopo. Kukaanga kilo moja kunapita nusu saa. Nikifika kwenye shira, skrini ilishazima zamani. Vidole vina samli, alama ya kidole haisomeki, nikijaribu namba za siri zinajibonyeza zenyewe.

Juzi nilikwenda kunawa, nikajifuta, nikafungua simu, nikasoma mstari mmoja. Kurudi kwenye sufuria sukari imeshakuwa jiwe na visheti vimeshikana bonge moja. Kilo nzima, nimewagawia watoto wa jirani wakavunja kwa mchi.

Screen timeout nimeweka dakika 10, ndiyo ya mwisho kwenye orodha. Nimewasha na Keep screen on while viewing. Bado inazima.

La mume wangu: anasoma usiku amelala ubavu. Akigeuka tu, maandishi nayo yanageuka, yanalala kinyume chake. Anakaa kuitikisa simu kama anapepeta mchele.

DeniSina

Dada, simu ni za mkopo hizo? Maana zile ukichelewesha malipo ya siku zinajifunga, hata ufanyeje. Lipa kwanza halafu uone.

BintiPangani

Hapana kaka, tulilipa taslimu. Haijafungwa na mtu, inazima mwanga tu kama simu yoyote ukiiacha.

Jembe la Mtaa

Rahisi sana hiyo. Nenda Settings, About phone, Software information, bonyeza Build number mara 7 mpaka ikuambie umekuwa developer. Rudi nyuma, chini kabisa utaona Developer options. Ingia, washa Stay awake. Skrini haizimi tena maisha.

Fundi Kona

Jembe umempa nusu. Soma maandishi madogo chini ya hiyo Stay awake: skrini haitalala *ikiwa inachaji*. Ukichomoa waya, inarudi kwenye dakika zile zile ulizoweka. Kwa hiyo dada akitaka kuitumia, lazima simu iwe kwenye umeme au kwenye pawabenki muda wote wa kupika. Pawabenki ni afadhali, maana waya wa ukutani kupita juu ya karai la mafuta mimi siushauri.

Na akisahau kuizima, kila akichomeka simu usiku inawaka mpaka asubuhi.

Jembe la Mtaa

Mimi simu yangu iko kwenye chaji muda mwingi, betri imekufa, labda ndiyo maana niliona inafanya kazi daima. Lakini hilo la kuwaka usiku ni kweli. Yangu ina kivuli cha kibodi pale chini, hakitoki hata nikifungua picha nyeupe.

Fundi Kona

Hicho kivuli ni kioo cha AMOLED kilichoachwa kinaonyesha kitu kimoja saa nyingi na mwanga juu. Hakisafishiki, ni kubadili kioo.

BintiPangani, nijibu: kopo unaloegemeza simu liko wapi, na wewe unasimama wapi?

BintiPangani

Kopo liko kwenye kizingiti cha dirisha. Jiko la mkaa liko chini, nakaa kwenye kibao cha mbuzi. Nikitaka kusoma nainuka kidogo.

Fundi Kona

Basi nimekuelewa. Keep screen on while viewing haifanyi kazi kwa kujua kwamba unapika. Muda ukikaribia kuisha, inatumia kamera ya mbele kutafuta uso. Ikiuona, inaongeza muda. Isipouona, inazima. Wewe umekaa chini kwenye kibao cha mbuzi, kamera iko juu dirishani inaangalia ukuta wa mbele. Ikifika jioni jikoni pana giza, hata ukisimama mbele yake haikuoni vizuri.

Jaribu uhakikishe: weka Screen timeout sekunde 30, shika simu mbele ya uso mchana, usiiguse, iangalie tu. Itakaa dakika nzima na zaidi. Halafu iegemeze kwenye kopo kama kawaida na ukae kwenye kibao. Itazima kwa wakati wake. Kitu chenyewe ni kizima, umekiweka pasipofaa.

Sasa dawa. Watu wengi wanachanganya skrini *kuzima* na simu *kufunga*. Ni mambo mawili. Wewe kinachokuumiza siyo giza, kinachokuumiza ni kuombwa kidole na namba ukiwa na samli. Kwa hiyo acha skrini izime, ila usiiruhusu ifunge haraka:

Settings, Lock screen, Secure lock settings, Auto lock when screen turns off. Hapo chagua dakika 30.

Kisha Settings, Advanced features, Motions and gestures, washa Double tap to turn on screen.

Ukiwa kwenye shira, gonga kioo mara mbili kwa fundo la kidole, lile unalogongea mlango. Skrini inawaka na picha ya mama mkubwa iko pale pale ulipoiacha. Fundo halina samli, na kioo kinalisikia sawasawa na ncha ya kidole kwa sababu ni ngozi ile ile. Ukivaa glavu za plastiki ni habari nyingine.

Sharti moja: iache izime yenyewe. Ukibonyeza kitufe cha pembeni inaweza kufunga papo hapo. Na ukitoka kwenda sokoni rudisha muda mfupi, dakika 30 ni nyingi simu ikichomolewa kwenye pochi.

Mwl. Chiku

Naomba kuingilia, yangu inafanana. Mimi sisomi picha, natumia tovuti ya mapishi. Kila pishi lina kitufe cha kuwasha, kimeandikwa Cook mode, eti skrini isizime. Siku nyingine inafanya kazi mpaka keki inatoka, siku nyingine inazima katikati huku kitufe chenyewe kinaonyesha kimewaka. Nimebadilisha simu, hali ni ile ile. Nilidhani ni bando.

KakaTovuti

Mwalimu, bando halihusiki. Ngoja nikuulize: siku zinazokatika, huwa umetoka kwenye ukurasa kidogo? Labda kujibu ujumbe?

Mwl. Chiku

Nina wanafunzi 60 na kundi la wazazi. Najibu ujumbe kila dakika.

KakaTovuti

Hapo hapo. Natengeneza tovuti, na kosa hili nimelifanya mwenyewe kwa hiyo nalijua.

Ukurasa wa tovuti unaweza kuiomba simu isizime skrini. Kivinjari kinakubali, lakini kwa muda ambao ukurasa unaonekana tu. Ukihamia WhatsApp au ukifungua kichupo kingine, ruhusa inafutwa palepale. Na ukirudi hairudi yenyewe, ni lazima ukurasa uombe upya. Aliyetengeneza hiyo tovuti aliandika ombi la kwanza akasahau la pili, na kitufe hakuna aliyekiambia kwamba ruhusa imekwisha, ndiyo maana kinaendelea kuonyesha kimewaka.

Pima hivi. Weka muda wa skrini sekunde 30. Washa Cook mode, weka simu mezani, hesabu dakika moja kwa saa ya ukutani. Isipozima, ombi la kwanza linafanya kazi. Sasa nenda WhatsApp, rudi, weka mezani, hesabu tena. Ikizima mara hii, umeshapata mwizi. Dawa yako kama mtumiaji: kila ukirudi kutoka WhatsApp, zima kitufe kisha ukiwashe tena. Ni kero lakini inafanya kazi.

Kama kuna mwenye tovuti humu, hii ndiyo sehemu inayosahaulika:

```js
let kufuli = null;

async function washa() {
  try {
    kufuli = await navigator.wakeLock.request('screen');
  } catch (kosa) {
    kufuli = null;
  }
}

document.addEventListener('visibilitychange', () => {
  if (kufuli && document.visibilityState === 'visible') washa();
});
```

Mistari ya mwisho ndiyo inayoomba upya mtu akirudi. Msiondoe `catch`, maana simu ina haki ya kukataa, kwa mfano betri ikiwa chini, na mtu aambiwe badala ya kudanganywa na kitufe. Tovuti lazima iwe ya `https`.

Na wenye simu za zamani: Chrome ilianza kulikubali ombi hili toleo la 84 mwaka 2020, Safari ya iPhone toleo la 16.4 mwaka 2023, Firefox toleo la 126 mwaka 2024. Chini ya hapo kitufe kitakuwa pambo.

Mwl. Chiku

Nimepima sasa hivi. Mara ya kwanza dakika moja imepita, inawaka. Nimeenda kwenye kundi la wazazi nikarudi, sekunde thelathini, giza. Miaka miwili nalaumu mtandao.

Jembe la Mtaa

Mimi huwa nacheza video ya mapishi, skrini haizimi hata kama muda ni sekunde 15. Fanyeni hivyo tu.

Fundi Kona

Kweli, video ikiwa inacheza programu yake inazuia skrini kuzima. Ukiisimamisha ili upime unga, muda unaanza kuhesabiwa upya kama kawaida. Kwenye mapishi ndipo tunaposimamisha kila mara.

Nyota wa Kisauni

Hamjambo, mie niko Mombasa na natumia iPhone. Kwetu Settings, Display & Brightness, Auto-Lock, kuna hadi Never, kwa hivyo nilidhani mambo yenu hayanihusu. Lakini yangu imekwama kwa sekunde 30, imekuwa ya kijivu, sibonyezi chochote. Ndugu yangu asema niifute simu nianze upya. Kweli nifute simu kwa sababu ya hili?

Fundi Kona

Usifute kitu. Tazama alama ya betri juu, ni ya njano?

Nyota wa Kisauni

Ya njano, ndiyo. Tangu Ramadhani. Naiweka hivyo chaji ipate kufika futari.

Fundi Kona

Hiyo ni Low Power Mode. Ikiwaka, Auto-Lock inalazimishwa kuwa sekunde 30 na huruhusiwi kubadili. Nenda Settings, Battery, izime, urudi kwenye Auto-Lock utaona orodha imefunguka. Ukitaka kupika, zima hiyo, weka Never, ukimaliza rudisha.

Ikiwa alama siyo ya njano na bado chaguo la Never halipo, uliza kama umeweka barua pepe ya kazini. Ofisi nyingi zikikuunganishia barua pepe zinaweka na sharti la simu kufunga ndani ya dakika fulani. Kwenye Android utakuta imeandikwa kwamba imezuiwa na msimamizi. Hapo fundi wa mtaani hana la kufanya, ni kuongea na watu wa kompyuta wa ofisini kwako.

Nyota wa Kisauni

Imefunguka! Ahsante. Ndugu yangu nampelekea picha aone aibu.

Mlalaupande

Jamani mume wa BintiPangani amesahaulika. Mimi ni mwenzake. Hilo ni jairoskopu limeharibika, la kwangu pia liliharibika, nikaambiwa na mtu nipeleke simu ikafunguliwe.

Fundi Kona

Asifungue simu, hakuna kilichoharibika. Simu haijui kichwa chako kiko upande gani. Inachojua ni ardhi iko upande gani, kwa kuwa kuna kihisi ndani kinachopima uzito unavutwa wapi. Ukikaa wima, chini ya simu na chini ya dunia ni kitu kimoja, mnaelewana. Ukilala ubavu na simu umeilaza sambamba na uso wako, kwa simu hiyo imelazwa ubavu, kwa hiyo inakugeuzia maandishi ili yawe wima kwa mtu aliyesimama. Haina kosa, inamtumikia mtu ambaye hayupo.

Ukitaka kuamini, ilaze chali juu ya meza kisha uizungushe kama mshale wa saa. Maandishi hayageuki, hata ukizungusha mara tatu, kwa sababu mvuto unapita mgongoni na upande wa juu haujulikani. Wasomao simu ikiwa imelala mezani ndio wanaolalamika kinyume chake, kwamba imegoma kugeuka. Iinue kidogo ndipo itageuka.

Kwa mume wa dada: vuta pazia la juu, tafuta Auto rotate, ibonyeze mpaka isomeke Portrait. Lakini abonyeze akiwa *amekaa*. Akibonyeza akiwa ameshalala na maandishi yameshageuka, kitufe kitasomeka Landscape na ataifunga simu kwenye upande ule ule usiofaa. Wengi wanaosema kufuli haifanyi kazi wamefungia mlango nje.

BintiPangani

Huyo ndiye yeye kabisa. Anaibonyeza akiwa chini ya chandarua, halafu ananiuliza mbona imekwama.

Halafu kuna kialama kidogo kinatokea pembeni chini, kama simu yenye mshale. Akikigusa inageuka tena ingawa ameifunga.

Fundi Kona

Hicho kilikuja na Android 9. Ukishafunga mzunguko, simu bado inahisi umeilaza, kwa hiyo badala ya kugeuka inakuuliza: nigeuze? Asipokigusa kinapotea baada ya sekunde chache. Tatizo kinakaa pale pale kidole gumba kinapopumzika. Ashikilie simu juu kidogo, au atumie kufuli ya ndani ya programu anayosomea. Programu nyingi za vitabu zina sehemu ya kuchagua upande wa ukurasa kwenye mipangilio yake, na hiyo haijali umelala vipi.

Mlalaupande

Kwa hiyo yule aliyetaka kuifungua simu yangu alitaka nini?

DeniSina

Hela.

Mzawa Mbezi

Mimi nina Pixel. Tangu Android 12 kuna Face Detection ndani ya Auto-rotate, inatumia kamera ya mbele kuona uso umekaa vipi, hivyo ukilala ubavu haigeuki. Kwa taa ya kitandani inanielewa vizuri. Nikizima taa inaanza kubahatisha, na mimi nasoma taa zikiwa zimezimwa kwa sababu ya mtoto. Nimerudi kwenye kufunga kwa mkono.

Nyota wa Kisauni

Nami ninalo la mwisho. Kwa iPhone navuta kutoka kona ya juu kulia, nabonyeza kile kikufuli chenye mshale wa duara, inakaa wima. Sawa. Lakini mie nasoma magazeti ya zamani yaliyopigwa picha, kurasa pana, nataka ikae *ya kulala* na isirudi wima nikijigeuza. Kikufuli chanirudisha wima kila mara.

Fundi Kona

Kwenye iPhone kile kikufuli kinajua wima tu. Kwenye iPad kinafunga upande wowote uliokuwa nao.

Kuna njia ya pembeni. Settings, Accessibility, Guided Access, washa. Fungua gazeti lako, simu iwe ya kulala, bonyeza kitufe cha pembeni mara tatu, gusa Options, zima Motion, kisha Start. Skrini inaacha kufuata mkono wako. Na kwenye ukurasa ule ule wa mipangilio ya Guided Access kuna Display Auto-Lock yake peke yake, unaweza kuiweka Never bila kugusa ile ya simu nzima. Ukimaliza bonyeza tatu tena, namba ya siri, End.

Nyota wa Kisauni

Nimejaribu. Yakaa. Ila ndani ya hiyo hali siwezi kutoka kujibu simu ya mama bila kubonyeza tatu na kuandika namba. Kwa gazeti nitavumilia, kwa kitabu cha kila usiku sidhani. Hakuna aliye na njia nyepesi?

KakaTovuti

Kwa ile ya wima tu kuna nyepesi: programu ya Shortcuts, sehemu ya Automation, chagua App, weka programu ya vitabu, kisha kitendo cha Set Orientation Lock. Ukiifungua inafunga, tengeneza ya pili ifungue ukitoka. Kwa ya kulala, mimi pia natumia hiyo ya Fundi na naichukia.

BintiPangani

Nimerudi na majibu ya Jumamosi. Kufunga nimeweka dakika 30, kugonga mara mbili nimewasha. Nimekaanga kilo na nusu, simu ikazima kama mara tatu. Nilipofika kwenye shira nikagonga kwa fundo kutoka pale nilipokaa, karatasi ya mama mkubwa ikatokea. Tone likavuta uzi, nikamimina, nikaepua, nikageuza mpaka ikawa nyeupe. Havikushikana.

Mume ameambiwa abonyeze akiwa amekaa. Jana nimemkuta ameinuka kitandani, amekaa wima kama yuko mbele ya hakimu, anabonyeza, halafu analala polepole huku ameishika simu kwa mikono miwili.

Ila Fundi, mvuke wa shira ukitua kwenye kioo, kugonga mara mbili kunagoma mpaka nifute kwa kiwiko. Hiyo nayo kuna pa kubonyeza?

Fundi Kona

Hapo sogeza kopo.